Barua imeandikwa "bila kuathiri haki", sasa anakana mzigo. Naweza kuionyesha mahakamani?

1. Mwana wa Kibirizi
Habari wakuu. Naomba anayejua sheria, au aliyewahi kupitia jambo kama hili, anisaidie.

Nanunua mawese kwa wakulima huku Kigoma na kuyauza Tabora. Machi mwaka jana nilimpelekea mteja wangu madumu 300 ya lita 20 kwa mali kauli, elfu 60 kila dumu, jumla milioni 18. Fuso liliposhusha alinipa milioni 8, ikabaki 10. Mwezi wa tano akanitumia ujumbe wa Wasapu: "Kaka nivumilie mwezi mmoja, ile kumi yako naimalizia." Mwezi ukapita. Nilipoanza kumbana akaja na habari mpya, kwamba madumu 70 yalikuwa yamechanganywa na maji na hayakuuzika. Tumebishana mpaka mwezi wa tisa ndipo akaniletea barua. Juu kabisa imeandikwa kwa herufi kubwa BILA KUATHIRI HAKI. Ndani anasema alipokea madumu 300, kwamba 70 yalikuwa mabovu, na ili tumalize yuko tayari kunilipa milioni 6 kwa mkupuo nisimdai tena. Nilikataa kwa hasira.

Nimefungua kesi mahakama ya wilaya. Utetezi wake unasema alipokea madumu 130 tu! Yaani milioni 7 na laki 8, ameshalipa 8, kwa hiyo tumemalizana na hata amenizidishia. Barua ninayo mkononi inasema 300. Wakili wake kaniambia hiyo barua siruhusiwi kuigusa. Inawezekanaje mtu akane mbele ya hakimu kitu alichokiandika kwa mkono wake?

2. Reli ya Kati
Wakili wake yuko sahihi. Maneno hayo ni kufuli. Chochote kilicho chini yake hakiingii mahakamani, iwe barua, iwe ujumbe. Nimefanya kazi ofisi ya mawakili miaka mitatu, na kila barua iliyotoka tuliigonga mhuri huo kwanza.

3. Seremala wa Mwanga
Mimi sikubali. Maneno matatu juu ya karatasi hayawezi kufuta karatasi yenyewe. Kama ni hivyo kila mdaiwa atakiri deni na kuweka hayo maneno juu, basi amepona. Peleka barua yako, hakimu ana macho.

4. Mama Mtumba Ujiji
Pole sana mwanangu. Usikate tamaa, maana hata kesi yangu ya kibanda iliondolewa mahakamani "bila kuathiri haki" na nikafungua upya baada ya miezi mitatu, nikashinda. Hayo maneno yanakulinda wewe mdai.

5. Masjala
Mama Mtumba, hayo ni maneno yaleyale lakini kazi yake pale ilikuwa nyingine. Wewe kesi iliondolewa na ukaachiwa mlango wa kurudi. Huyu kijana anazungumzia barua ya kutafuta suluhu.

Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, na baada ya hapo ofisi ya wakili hapa Tabora. Reli ya Kati na Seremala, kila mmoja ameshika upande mmoja wa kitu. Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 6, inasema katika kesi za madai maungamo hayathibitishwi kama yalitolewa kwa sharti la wazi kwamba yasitolewe ushahidi, au katika mazingira ambayo mahakama inaona pande zote zilielewana hivyo. Maneno ya juu ya barua ndiyo hilo sharti la wazi. Lakini mahakama haiishii kwenye kichwa cha barua. Inasoma ndani na kuuliza: je, siku hiyo palikuwa na mgogoro kati yao? Na je, barua hii ilikuwa inatafuta kuumaliza? Jibu likiwa ndiyo mara mbili, barua inalindwa, hata kama aliyeandika alisahau kuweka hayo maneno. Jibu likiwa hapana, hata uyaandike kwa wino mwekundu hayasaidii.

Sasa ya kwako. Mwezi wa tisa mgogoro ulikuwepo: yeye anasema madumu 70 ni mabovu, wewe unasema ni mazima. Na barua inataja kiasi cha kumaliza. Angalia hata hesabu yake: 230 mara elfu 60 ni milioni 13 na laki 8, toa 8 aliyolipa, inabaki milioni 5 na laki 8. Akakuongezea laki 2 ili muachane. Hilo ni toleo la suluhu lenyewe. Ukiijaribu kuitoa, wakili wake atasimama kuipinga kabla haijapokelewa kuwa kielelezo, na kwa maoni yangu atashinda.

6. Seremala wa Mwanga
Mama Masjala, shikamoo. Lakini basi sheria inamlinda mwongo! Kwenye barua 300, kwenye utetezi 130.

7. Masjala
Marahaba. Inaniuma hata mimi. Sababu yake ni kwamba watu wasipokuwa na uhakika huo hakuna atakayethubutu kusema "twende nusu kwa nusu", kwa kuogopa kesho atanyooshewa kidole kwamba alikiri. Huko Uingereza ambako kanuni hii ilikulia, mahakama zimekubali kuivunja pale mtu anapoitumia kama ngao ya vitisho au udanganyifu wa wazi kabisa, lakini zimesema pia kwamba barua kutofautiana tu na utetezi hakutoshi. Mtu anaweza kukubali jambo kwa ajili ya suluhu tu. Hakimu wako anaweza kuliona kwa namna nyingine, ila mimi nisingeijenga kesi yangu juu ya barua hiyo.

8. Reli ya Kati
Ahsante mama kwa kunithibitishia. Ni kufuli.

9. Masjala
Hapana mwanangu, sijakuthibitishia hivyo. Kufuli linafunga barua, halifungi jambo. Madumu 300 kushushwa Tabora ni jambo lililotokea Machi, kabla barua haijazaliwa. Linaweza kuthibitishwa kwa njia nyingine yoyote. Mtu hawezi kuchukua ukweli wa biashara yote, akautia ndani ya barua moja ya suluhu, kisha akasema sasa umefichwa.

Mwana wa Kibirizi, ule ujumbe wa Wasapu wa mwezi wa tano ndio dhahabu yako. Siku hiyo hakuna aliyekuwa anabishana. Hakutaja maji, hakutaja madumu mabovu, hakuomba upunguze hata shilingi. Aliomba muda. "Ile kumi yako naimalizia." Kumi iliyobaki ukijumlisha na 8 aliyolipa ni 18, na 18 kwa elfu 60 ni madumu 300. Huo haulindwi na chochote.

10. Nyuki wa Ipole
Mwangaluka wana bodi. Niingilie kidogo, yangu inafanana. Nilimkopesha jamaa milioni 3 za kununulia asali, tukaandikiana alipe tarehe 30 Juni 2017. Hakulipa. Mwaka 2022 akaniandikia barua amesaini, juu BILA KUATHIRI HAKI, ndani: "Deni lako la milioni tatu nalitambua, hali yangu ni ngumu, naomba nilipe laki tano kila mwezi." Alilipa mara moja akanyamaza. Sasa ananiambia miaka sita ya kudai mkataba ilikwisha Juni 2023, na ile barua siwezi kuitumia.

11. Reli ya Kati
Imekwisha hiyo mkuu. Kichwa cha barua kinajieleza.

12. Masjala
Hapa ndipo tofauti ilipo, naomba muisome polepole. Nyuki, ndani ya barua yako kuna ubishi gani? Hakuna. Anatambua deni lote, anaomba namna ya kulipa. Uingereza waliletewa jambo kama hilo mwaka 2006, Bradford & Bingley dhidi ya Rashid, likafika mpaka baraza lao la juu la rufani. Watu waliomsaidia mdaiwa walikuwa wamemwandikia anayedai barua kwa niaba yake, wakiomba muda na punguzo kwa deni ambalo hakulipinga. Ikaamuliwa kwamba barua hizo ni utambuzi wa deni, hazina ulinzi wa mazungumzo ya suluhu, na muda wa kudai ukahesabiwa upya kutoka pale. Sheria yetu ya Ukomo, Sura ya 89, nayo inaanza saa upya deni likitambuliwa kwa maandishi yaliyosainiwa na anayedaiwa. Yako ilisainiwa 2022, miaka sita ya kwanza ikiwa haijaisha. Kwa hesabu hiyo unao mpaka 2028.

13. Karatu Mpaka Kasulu
Naomba kupingana kwa heshima. Mimi nasoma sheria, mwaka wa nne. Kesi ya Uingereza ya 2006 haimfungi hakimu wetu, inamshawishi tu. Na sheria yetu imetaja "sharti la wazi" bila kutaja mgogoro. Mdaiwa wa Nyuki aliweka sharti la wazi. Mtu anaweza kusoma maneno ya sheria kama yalivyo na kusema barua haiingii.

14. Masjala
Hoja nzuri na sitaidharau. Jibu langu ni kwamba sharti ni la kutafuta suluhu, na suluhu bila ubishi ni ya nini? Ila ni kweli, wakili wa upande wa pili atasimama pale pale uliposimama wewe. Nyuki, ile laki tano aliyolipa una ushahidi wake?

15. Nyuki wa Ipole
Alinitumia kwa simu. Ujumbe wa muamala ninao, na jina lake limeonekana.

16. Karatu Mpaka Kasulu
Hapo umeongeza nguvu mkuu. Kulipa sehemu ya deni nako kunaweza kuanzisha muda upya, na malipo si barua. Fedha haiandikwi "bila kuathiri haki" juu yake. Nenda mahakamani nayo, usitegemee barua peke yake.

17. Mwana wa Kibirizi
Nimerudi. Kuna kitu sikukisema mwanzo, na sasa kinanitia hofu. Baada ya ile barua ya milioni 6 nilimjibu kwa Wasapu nikiwa na hasira: "Lete nane yaishe." Hakujibu. Sikuweka maneno yoyote juu. Wakili wake atasema mimi mwenyewe nilikubali kwamba nadai 8 na si 10?

18. Reli ya Kati
Wewe hukuweka maneno. Umekamatwa.

19. Masjala
Hajakamatwa. Jibu lake limezaliwa na barua ile, ni mnyororo mmoja wa mazungumzo. Huwezi kufunika toleo la mmoja ukaacha jibu la mwenzake nje kwenye jua. Kile kinachomlinda yule asionyeshwe milioni 6 ndicho kinachokulinda wewe usionyeshwe milioni 8. Na jambo hili watu hulikosea sana: ulinzi ni wa wote wawili. Hakuna anayeweza kuutoa peke yake, hata yule aliyeandika barua. Lazima mkubali nyote.

Kwa hiyo kabla hujapigania kuiingiza barua yake, fikiri. Mlango ukifunguka, na ile "lete nane yaishe" inapita humo humo.

20. Seremala wa Mwanga
Sasa hapo nimeelewa kitu. Lakini swali: kama yule angejibu "sawa, 8", halafu akakaidi?

21. Masjala
Hapo mazungumzo yangekuwa yamekwisha na makubaliano yamezaliwa. Tangu kesi ya Walker dhidi ya Wilsher ya 1889 inafahamika kwamba toleo la namna hii likikubaliwa, linakuwa mkataba kamili. Mtu akikataa kuutekeleza, barua na jibu lake vinaonyeshwa mahakamani kuthibitisha kwamba mlikubaliana. Yeye asingeweza kusema "lakini juu niliandika bila kuathiri haki". Na Kibirizi naye asingeweza kurudi kudai 10. Angedai 8 basi.

Ndiyo maana nawaambia watu: usijibu "sawa" barabarani ukiwa ndani ya basi. Soma kwanza toleo linasema ulipwe lini na nini kinafutwa.

22. Mama Mtumba Ujiji
Na tukizungumza kwa mwenyekiti wa mtaa je? Sisi huku mambo mengi tunayamalizia kwa mwenyekiti, hakuna anayeandika hayo maneno. Muhtasari unaandikwa na sote tunasaini.

23. Karatu Mpaka Kasulu
Mama, hapo ndipo ile sehemu ya pili ya sheria inaingia, mazingira. Kama mlikwenda kwa mwenyekiti kusuluhishwa, mnaweza kusema ilieleweka kwamba yanayosemwa pale ni ya suluhu. Lakini muhtasari mliosaini ukisema "wamekubaliana alipe laki nne kufikia mwisho wa mwezi", hayo ni makubaliano.

24. Mzee wa Isevya
Vijana, mmeruka jambo. Mnaisoma Sheria ya Ushahidi kana kwamba inatumika kila mahali. Nimekuwa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo. Sheria hiyo yenyewe imesema haitumiki mahakama za mwanzo. Kule kuna kanuni zake za ushahidi, Tangazo la Serikali namba 22 la 1964. Kule tulikuwa tunasikiliza watu. Mtu alileta barua, tukaisoma.

25. Masjala
Shikamoo mzee. Umesema kweli na nilipaswa kuanza na hilo. Kibirizi yuko mahakama ya wilaya, kwa hiyo Sura ya 6 inamhusu. Nyuki akienda mahakama ya mwanzo hoja nzima inaweza kuwa nyepesi zaidi. Ila mzee, mlipoisoma hiyo barua, mliipa uzito gani?

26. Mzee wa Isevya
Marahaba. Ilitegemea. Mtu aliyesema "nilitaka yaishe tu" tulimwelewa. Mwenzangu mmoja hakuwa akikubali kabisa, yeye alisema aliyetoa pesa ya suluhu anajua alichokosa. Tulibishana naye mara nyingi.

27. Reli ya Kati
Niulize basi, maana nimeanza kuona tulikuwa tunakosea ofisini. Tuligonga mhuri ule hata kwenye barua za madai, zile za "lipa ndani ya siku 14 la sivyo tunakwenda mahakamani".

28. Masjala
Na hapo mlikuwa mnajifunga wenyewe. Barua ya madai haitoi toleo lolote, inadai. Na wewe ndiye unayetaka hakimu aione, ajue ulimpa nafasi kabla ya kumpeleka mahakamani. Ukiigonga mhuri huo unampa mwenzako kisingizio cha kuipinga, na unaanza kubishana juu ya karatasi ambayo ilikuwa rafiki yako. Andika barua mbili. Moja ya wazi: nilileta madumu 300, umelipa 8, nadai 10, lipa kufikia tarehe fulani. Ya pili, karatasi nyingine kabisa: bila kuathiri haki, niko tayari kupokea 9 ukilipa kabla ya Ijumaa. Ukizichanganya katika karatasi moja, utahitaji mkasi mahakamani.

29. Karatu Mpaka Kasulu
Niongeze. Mdaiwa wa Kibirizi angekuwa na wakili makini angeandika "bila kuathiri haki isipokuwa kwa suala la gharama". Maneno hayo yalishika nguvu baada ya kesi ya talaka ya Calderbank, Uingereza, mwaka 1975. Maana yake hakimu haoni barua wakati wa kuamua nani anadai nini, lakini hukumu ikishatoka barua inafunguliwa. Tuseme mahakama inasema madumu 70 kweli yalikuwa mabovu, inampa Kibirizi milioni 5 na laki 8. Mdaiwa anasimama: mheshimiwa, nilimpa 6 mwaka jana akakataa, kwa nini nilipe gharama zake za kesi tangu siku hiyo? Bila maneno hayo ya nyongeza, barua inabaki imefungwa hata kwenye gharama.

30. Mwana wa Kibirizi
Nimeitazama tena. Haina nyongeza hiyo. Ni maneno matatu tu.

31. Masjala
Basi kwenye gharama hana hoja ya barua hiyo, ingawa gharama mwisho ni busara ya hakimu. Sasa tuache barua. Tuambie una karatasi gani za Machi.

32. Mwana wa Kibirizi
Dilivari noti ninayo, lakini alisaini kijana wake wa stoo na si yeye. Dereva wa fuso yupo, anakubali kuja. Na simu yenye ule ujumbe wa mwezi wa tano ninayo ila kioo kimepasuka, nilikuwa naenda kuibadilisha wiki hii.

33. Karatu Mpaka Kasulu
USIIBADILISHE. Picha ya skrini peke yake atasema umetengeneza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe kuwa ushahidi, lakini lazima uonyeshe umetoka wapi, umehifadhiwaje, na haukuguswa. Tengeneza kioo, simu ibaki ileile na laini ileile. Mwambie wakili wako aandae kiapo.

34. Seremala wa Mwanga
Na yule kijana wa stoo bado anafanya kazi kwake? Maana atamkana.

35. Mwana wa Kibirizi
Aliondoka, nasikia yuko Urambo kwenye tumbaku. Nitamtafuta.

36. Mzee wa Isevya
Mtafute. Lakini kabla ya hapo, fuso lilipotoka Kigoma lilikatiwa ushuru getini?

37. Mwana wa Kibirizi
Lilikatiwa mzee.

38. Mzee wa Isevya
Ile risiti huandikwa idadi ya mzigo. Iko wapi?

39. Mwana wa Kibirizi
Dereva ndiye huwa anazitunza. Nampigia sasa hivi.